Kamera Ione Nini

Sentensi zilizomshinda Sharayu Khare zilikuwa tatu tu, na zote zilikuwa kwenye mabano, kwenye ukurasa wa mwisho wa mchezo wa jukwaani uliomfanya Bhalchandra Oke awe mtu mkubwa katika jiji la Pune. "Ukweli unamjaa Sumati moyoni. Anaelewa kila kitu. Anamsamehe." Mwigizaji mzuri ukimpa maneno hayo na taa moja ya juu, ukumbi mzima unatoa leso. Lakini huu sasa ulikuwa muswada wa filamu, na kwenye filamu huwezi kuandika kwamba mtu anaelewa, kwa sababu hakuna kamera iliyowahi kupiga picha ya kuelewa.

"Kaka Bhalu," alisema, "hapa tumekwama."

"Umekwama wewe," alijibu Bhalchandra bila kufumbua macho. Alikuwa amejilaza kwenye kochi lake la henzerani, miguu juu ya kistuli, chai kifuani. Ana miaka sabini na moja na anapenda kuombwa. "Mimi nilimaliza miaka ishirini na sita iliyopita."

Walikuwa sebuleni kwake tangu asubuhi. Mtayarishaji wa Mumbai alitaka tukio la mwisho kabla ya Jumatatu, na ni Bhalchandra mwenyewe aliyesema kazi apewe Sharayu, asipewe mtu mwingine yeyote. Sharayu alilia aliposikia. Miaka thelathini alikuwa ameandika tamthilia za televisheni, mama mkwe na mkamwana na funguo za kabati, kazi ya kujaza tumbo. Filamu ya *Bahasha* ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuwekwa karibu na jina la kaka yake. Si kaka wa damu, lakini kila mwaka alimfunga uzi wa udugu mkononi, na yeye hakuwahi kukosa kumpa sari.

Na mchezo wenyewe aliujua kuliko wengi. Sumati, mke wa mtu, anaandika barua ya kuomba nafasi chuo cha ualimu na kumpa mumewe akaitie posta. Mume haipeleki. Baada ya miaka ishirini Sumati anagundua, anasimama katikati ya jukwaa, anawageukia watazamaji na kusema peke yake kwa dakika kumi na moja. Sharayu aliutazama mara tisa na mara zote tisa alilia kama mjinga.

"Dakika kumi na moja hazipiti," alisema sasa. "Ukurasa mmoja wa muswada ni kama dakika moja. Nina kurasa tatu. Na jikoni kwake Sumati atamwambia nani yote hayo? Sufuria?"

"Atamwambia mumewe."

"Mume yupo palepale anajua alichofanya. Mtu hamsimulii mwizi jinsi alivyoiba." Aligeuza kompyuta ndogo ili mzee aone. "Tazama. Kichwa cha tukio ninacho: NDANI. JIKO LA SUMATI – MCHANA. Chini yake naandika linaloonekana na linalosikika, basi. Sumati anafanya nini? Ameshika nini? Jukwaani ulimpa maneno kwa sababu mtu wa safu ya nyuma hawezi kuona kiganja chake. Kamera inaweza kukaa juu ya kiganja."

"Nyinyi watu wa televisheni," alisema Bhalchandra, "mnataka kila kitu kiwe sufuria na kiganja."

Kutoka jikoni mkewe, Usha, alicheka. "Mpe anachotaka, mzee, maana kazi yenu ikichelewa atalala hapahapa na mimi sina mto wa tatu." Akaleta sahani ya poha, wali bapa wa manjano wenye nazi na limau juu, akaiweka mbele ya Sharayu. "Kula, wifi. Huyu hajibu mtu mwenye njaa."

Sharayu alikula vijiko viwili huku anaandika. *Sumati anafungua pipa la mtama. Anachota. Kibaba kinagonga kitu.* Alisoma kwa sauti.

"Bahasha," alisema Bhalchandra. Sasa alifumbua jicho moja. "Anaitoa. Anaikung'uta."

"Vizuri. Halafu? Anajuaje ni ile yake, na kwamba haikutumwa?"

"Haina mhuri wa posta."

"Hilo linatosha kwa bahasha. Ila mume anaweza kusema aliisahau. Tunataka aone kwamba ilifunguliwa, ikasomwa, kisha ikafichwa. Anatoa barua ndani. Kamera ione nini?"

"Ina alama ya kunku ukurasa wa kwanza. Alipaka ule unga mwekundu wa baraka alipomaliza kuandika."

"Kaka, kila karatasi ya maana katika mji huu ina kunku. Kadi za harusi zina kunku. Bili ya pikipiki mpya ina kunku. Nipe ya Sumati. Nipe kitu ambacho mtazamaji akikiona mara moja mwanzoni mwa filamu, akikiona tena mwisho, hahitaji kuambiwa neno."

Alikuwa anamchokoza kwa makusudi. Ndivyo Bhalchandra mwenyewe alivyomfundisha zamani, katika chumba cha mazoezi cha kundi lao la maigizo, chenye feni moja: mwandishi mvivu usimwonee huruma, mbane mpaka atoe kitu chenye uzito. Na Bhalchandra alibanika. Alishusha miguu kutoka kwenye kistuli. Alifumba macho yote mawili, akainua mkono kama anavyofanya akipanga waigizaji, na sauti yake ikawa ya zamani.

"Alama mbili," alisema. "Alipaka kwa kidole gumba, kidole kikateleza, zikawa mbili. Ni mkosi, anadhani. Anailowesha moja kwa mate, anaifuta, anaifuta, mpaka karatasi inatoboka. Hana karatasi nyingine. Anaziba kwa nyuma. Kwa... kwa kipande cha tiketi ya basi. Gundi ya wali. Ukiinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha unaona namba za tiketi kupitia kwenye tundu, kwenye wekundu." Alifumbua macho, amefurahi. "Haya! Hicho ni kiganja au si kiganja?"

Sharayu alikuwa ameshaandika mpaka neno *tiketi*. Vidole vilibaki juu ya herufi.

Ilikuwa tiketi ya basi namba mia moja na tatu. Sharayu alikuwa na miaka ishirini na sita, chumba cha kupanga, godoro chini, na mchezo wake wa kwanza, kurasa themanini na mbili kwa mkono. Alipaka kunku peke yake, mlango umefungwa. Aliziba tundu peke yake, kwa punje za wali uliobaki. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliona aibu kwamba mwanamke msomi anaogopa mkosi. Akaifunga bahasha kwa gundi pande zote, akampa kiongozi wa kundi, kwa kuwa fomu ya mashindano ya jimbo ilitaka sahihi yake, na yeye ndiye angeipeleka posta. Baada ya miezi mitano kiongozi wa kundi alimkalisha kwenye ngazi za ukumbi, akamwambia kwa upole kwamba wazee wa jopo wameona mchezo ni mchanga. "Una sikio, mdogo wangu. Mkono wa jukwaa huna. Jaribu televisheni." Mwaka ule tuzo aliichukua kiongozi mwenyewe, Bhalchandra. Kundi moja, mchezo mmoja: ndivyo kanuni zilivyosema, na Sharayu alizijua, lakini aliamini kwamba mchezo uliotumwa kwa jina la kundi lao ni wake, na kwamba wa Bhalchandra umepitia kundi jingine.

Hasira ilikuwa bado haijafika. Kilichofika kwanza kilikuwa aibu, kwa zile sari zote.

"Kaka Bhalu," alisema taratibu, "ile bahasha niliifunga kwa gundi."

"Bahasha ipi?"

"Tiketi uliionea wapi?"

Bhalchandra alicheka kidogo, kisha kicheko kikakosa pa kwenda. Alitazama kikombe chake. Alikiinua akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu tangu mchana.

"Nimebuni," alisema. "Ndiyo kazi yangu, kubuni."

"Basi nibunie namba ya basi."

Aliyejibu ni Usha, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Hakumtazama mumewe. Aliburuta stuli mpaka chini ya kabati la juu, akapanda kwa magoti yake mabovu, akasogeza masanduku mawili ya sari za msimu wa baridi, akateremka na bahasha ya kaki iliyochanwa upande mmoja.

"Usha!" alisema Bhalchandra.

"Nimeipangusa vumbi kila Diwali," alisema Usha. "Miaka thelathini na moja. Nimechoka kuipangusa."

"Na wewe, wifi?" alisema Sharayu. "Na wewe ulikuwa unanipa poha?"

Usha alilia. Sharayu hakulia. Alitoa ukurasa wa kwanza akauinua kwenye mwanga wa dirisha, kama ambavyo Sumati angefanya.

"Sikuweza kuitupa," alisema Bhalchandra. "Ilikuwa nzuri mno. Nzuri kuliko yangu, Sharu. Ningefanyaje? Nilikuwa na miaka arobaini, nilikuwa sijashinda chochote. Lakini nililipa! Huo mchezo wote ni malipo. Dakika kumi na moja kila jioni, mbele ya watu, nilikuwa nakuomba radhi."

"Ulikuwa unajiandikia jibu langu."

Aliketi tena mbele ya kompyuta. Miaka thelathini ya televisheni ilikuwa imemfundisha kuandika hata nyumba ikiungua. Alipomaliza aligeuza kioo kuelekea kwa mzee, na mzee, kwa mazoea, alisoma kwa sauti.

"Sumati anainua ukurasa dirishani. Mwanga unapita kwenye tundu: namba za tiketi, wekundu wa kunku. Nyuma yake, mume ameketi. Mume anainua kikombe, anakunywa. Kikombe ni kitupu. Sumati anakunja ukurasa, anaurudisha kwenye bahasha. Anavaa kandambili. Mlango unabaki wazi. Sauti ya ngazi, kushuka. Mume anabaki na kikombe mdomoni." Bhalchandra alisogeza ukurasa chini kwa kidole, akitafuta. Hapakuwa na kitu. "Na msamaha? Msamaha uko wapi?"

"Nimeufuta."

"Watu wamelia kwa ajili ya msamaha ule miaka ishirini na sita!"

"Kamera haiwezi kuandikiwa kwamba mtu amesamehe. Lazima kionekane kitu." Alifunga kompyuta, akaweka bahasha juu yake, akavibeba vyote viwili kifuani. "Nimekaa hapa tangu wifi alipoteremka kwenye stuli, natafuta cha kuonyesha. Sijakiona, Bwana Oke."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mlangoni Sharayu alipata kandambili zake, ya kushoto kisha ya kulia, na ngazi za kushuka zilikuwa za orofa tatu.