Masharubu na Kengele ya Saa Nane

Naapa kwa masharubu yangu, haya yote ni kweli tupu. Ikigundulika nimetia chumvi kwenye jambo lolote linalohusu matone ya macho, Kinyozi aje na wembe wake, nami nitakaa kitako bila kutikisika. Nimesema matone ya macho. Nitakayosema kuhusu kuku hayamo kwenye kiapo.

Nilikuwa mpiga king'ora wa kiwanda cha nguo hadi nilipostaafu, ndiyo maana hata sasa mtaa mzima unaniita Mzee King'ora. Nikivuta ule mnyororo, vitanda vilitema watu. Kuku wa ng'ambo ya mto walitaga kwa amri yangu, na siku moja nilipochelewa kidogo, jogoo wao alivuka daraja akaja getini kuuliza kulikoni. Sasa niambie: mtu aliyeamsha mji mzima, aje kuamshwa na kisimu kidogo kama kipande cha sabuni?

Lakini macho yakanisaliti. Daktari aliniambia nina presha ya macho, ugonjwa usiouma wala kuwasha, ila unakula uoni taratibu kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Akanipa chupa ya matone. Tone moja kila jicho, mara tatu kwa siku, halafu nifumbe macho na kubana kona ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili, dawa isikimbilie kooni. Kazi nyepesi. Mtoto anaiweza. Mimi ilinishinda.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alikuja jioni moja akaiona chupa imejaa pomoni wakati ilipaswa kukaribia kwisha. Hakupiga kelele. Huyo hapigi kelele, ndiyo silaha yake.

"Baba, kesho unahamia kwangu."

"Kwako wapi? Kile chumba cha mashine ya kufulia?"

"Tutaitoa mashine."

"Mama, mimi nyumba hii niliipaka rangi mwenyewe. Humu ndimo alimokufa mama yako, na humu ndimo nitakamofia mimi, tena nikiuona mlango vizuri."

Mimi nikashika masharubu, kama ninavyofanya nikitaka kuonekana jabali. Mwishowe tukapatana. Ataweka kengele kwenye simu yangu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Ikilia, natia matone, kisha nabonyeza "Nimeweka". Nikishindwa kwa wakati ule, nabonyeza "Baadaye". Baada ya mwezi tunakaa mezani na kuhesabu. Kama matone yameingia walau mara nane katika kila kumi, nyumba ni yangu na neno la kuhama lisisikike tena. Yakipungua hapo, nakabidhi ufunguo.

"Na usibonyeze uongo," alisema. "Chupa nayo naiangalia."

"Mimi nidanganye? Nina masharubu haya nidanganye?"

Kengele zikaanza. Ya asubuhi haikunisumbua, kwa kuwa mimi huamka kabla ya jua, na chupa ilikaa kando ya mswaki. Nilikuwa naitangulia ile simu, nikiisubiri ilie ili niicheke. Ya mchana ndiyo iliyokuwa adui. Saa nane mimi huwa kibarazani kwa Kinyozi, mahali tunapocheza drafti kwa vizibo vya soda, na huyo Kinyozi hana huruma: ukiinua macho kwenye ubao, kizibo chako kimehama chenyewe. Simu ikilia mfukoni, chupa iko nyumbani kwenye kabati. Nifanyeje, niache mchezo nikiwa na kingi wawili?

"Mzee King'ora, unaitwa kazini," Kinyozi alikuwa akinichokoza.

"Aliyenistaafisha anaita tena? Mwambie alete mafao kwanza."

Wote wakicheka, kidole changu kikabonyeza "Baadaye". Na baadaye, kama mjuavyo, ni nchi ambayo hakuna aliyewahi kufika. Ya usiku nayo, siku nyingine ililia yenyewe gizani. Saa nne mimi nimeshalala fofofo, simu ikiusemesha ukuta.

Mwezi ukaisha. Binti alikuja akiwa bado na sare ya kazini, akavuta kiti, akaichukua simu. Alijumlisha. Mara tisini kengele ililia, na mara hamsini na tano tu ndipo matone yalipoingia. Sita katika kumi, na kachenji kidogo. Nilikuwa nimeanguka.

Aliuweka mkono wake mezani, kiganja juu. Alikuwa anataka ufunguo.

Hapo ndipo uzoefu wa kiwanda uliponiokoa. Nilisimama kwa utulivu mkubwa na kumwambia: "Binti yangu, usihukumu kiwanda kizima kwa jumla ya mwezi. Kila zamu na hesabu yake. Hebu tenganisha kengele, kila moja isimame peke yake."

Akatenganisha. Ya asubuhi: ishirini na nane katika thelathini. Ya mchana: nane. Ya usiku: kumi na tisa.

"Unaona?" nikamwambia, bado kwa utulivu. "Mgonjwa ni yuleyule, chupa ni ileile, lakini saa moja inafaulu na nyingine inakufa. Basi kosa haliko kwa mtu, liko kwenye saa. Kiwandani wafanyakazi wa zamu ya jioni walipokuwa wanachelewa, hatukuwafukuza. Tuliuliza kwanza basi linafika saa ngapi, tukasogeza king'ora. Kengele inayolia wakati mkono hauifikii dawa ni kelele tu. Ya mchana irudi nyuma hadi saa saba, nikiwa bado nyumbani naosha sahani, na chupa ikae kando ya sinki. Ya usiku irudi hadi saa mbili na nusu, taarifa ya habari ikiisha redioni. Kamuulize daktari wako kama nafasi baina ya dozi zinaruhusu. Kisha tupime mwezi mwingine kwa kipimo kilekile, nane katika kumi, sisogezi goli hata kidogo."

Binti yangu alikiri kwamba chuoni hawakumfundisha hayo. Daktari akaulizwa, akasema hewala, saa zinazotekelezeka ni bora kuliko saa nzuri zisizotekelezwa. Nasi tukasogeza. Mwezi wa pili ulipoisha, sikuwa nimekosa tone hata moja. Tisini kwa tisini! Presha ya macho ikashuka, daktari akanipa mkono wa pongezi, na ufunguo wangu uko hapa mfukoni, unalia kama...

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, nikiwasomea wenzangu kibarazani kwa Kinyozi kutoka kwenye karatasi hizi hizi, mtu akakohoa nyuma yangu.

Kikohozi kile nakijua. Nilikilea mwenyewe.

"Endelea, Baba," binti yangu alisema. "Kisa hiki kinakupendeza sana. Unalia kama nini?"

"Mama, umetoka kazini saa hizi?"

"Nimefika ulipokuwa unasimama kwa utulivu mkubwa." Alivuta kiti cha wateja, akaketi mbele ya kioo. "Shikamooni, wazee. Naomba niulize. Mnajua siku ile ya hesabu alifanya nini hasa?"

"Tuambie wewe," alisema Kinyozi, na nikaona ameshaanza kutafuta taulo.

"Nilipomsomea ile hamsini na tano, alisema simu imetumwa imwonee. Akainyakua, akaichimbia kwenye ndoo ya unga, akaifunika, akakalia mfuniko."

Kibaraza kizima kikavunjika mbavu. Mzee mmoja aliangusha vizibo vyote vya ubao, na kwa bahati mbaya nilikuwa nashinda.

"Hiyo ilikuwa mbinu," nilisema.

"Akakaa hapo juu ya ndoo mpaka kengele ya usiku ikalia ndani ya unga. Ndipo nilipomwomba simu, nikaifuta, nikazitenganisha hizo kengele tatu, moja moja. Nikamwuliza saa nane huwa yuko wapi. Akasema ni siri yake."

"Jamani, siri gani," alisema Kinyozi, "wakati anapiga kelele hapa kila siku?"

"Nikamwuliza saa nne usiku. Akasema huwa anatafakari."

"Natafakari kwa macho yaliyofumbwa," nikasema. "Na hadithi ya zamu ya jioni je? Hiyo ni yangu!"

Alicheka. "Hiyo ni yako kweli. Uliisimulia nilipokwisha kusogeza saa, ukiwa unatoa unga masikioni mwa simu."

Nilivuta pumzi. Nilijua kilichobaki, naye alijua kwamba najua. Akafungua simu yangu, akainyanyua wote waione. Mwezi wa pili: asubuhi ishirini na tisa, mchana ishirini na sita, usiku ishirini na saba. Themanini na mbili katika tisini.

"Tisa katika kumi," alisema kwa sauti ya chini, na si kwa kebehi. "Umepita, Baba. Umepita kwa haki, chupa nayo inasema hivyo, na presha imeshuka kweli. Ulihitaji nini tena kuongeza hizo nane?"

"Themanini na mbili haina mvumo," nilijibu. "Tisini kwa tisini, hiyo inasomeka."

"Na hizo siku nne za mchana zilizokosekana?"

"Tatu mvua ilininasa sokoni. Moja nilikataa tu. Kengele isinizoee."

Alitikisa kichwa, lakini niliona ameandika kitu kwenye simu. Siku za soko, kengele ya mchana sasa italia nusu saa mapema, kabla sijatoka. Basi, ndivyo alivyo. Ukimpa kosa, hakugombezi. Anauliza lilitokea saa ngapi.

"Ufunguo?" niliuliza, nikiushika mfukoni.

"Ni wako. Mapatano ni mapatano." Alisimama, akapangusa kiti kwa kiganja chake. "Lakini na kiapo ni kiapo. Kinyozi, ulikisikia?"

"Neno kwa neno. 'Nitakaa kitako bila kutikisika,' alisema."

Nilikaa. Sikubembeleza, wala sikuomba wapunguze upande mmoja. Kinyozi alinifunga taulo, akapaka povu, akanoa wembe kwa madaha ya mtu aliyeisubiri siku hiyo tangu anifahamu. Niliwatazama wote kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, hata wale wa pembeni kabisa kwenye benchi, nikawaona wote bila shida, wakinicheka.

Masharubu yakaanguka kwenye taulo. Mdomo wangu wa juu ulipigwa na upepo kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe kiwandani, na nilifanana, kusema kweli, na yai.

Ndipo simu ikalia. Binti yangu akaitazama saa ukutani, akashangaa. Haikuwa saa ya matone.

"Hiyo ni ya nini, Baba?"

"Nimeiweka mwenyewe asubuhi, kabla ya kuja kuapa," nilisema, nikisimama na kujipukuta. "Inanikumbusha kuyaotesha upya. Njoo baada ya mwezi, tupime."