Sababu za Kunyimwa Duka la Hyasinta

Barua ya wizara ilikuwa fupi kama risiti ya sukari: ombi lako la leseni ya duka la dawa baridi limefikiriwa na halikukubaliwa. Basi. Hyasinta aliigeuza nyuma kutafuta maelezo, akakuta karatasi nyeupe.

Alikuwa muuguzi wa serikali mpaka alipostaafu, katika miaka ile ambayo zahanati ilikuwa na mizani na kalenda, lakini dawa hakuna. Sasa ilikuwa 1992, serikali imelegeza kamba, watu binafsi wameruhusiwa, naye akamwaga kiinua mgongo chake chote kwenye chumba kimoja kando ya barabara pale Suguti: tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, dari ya mbao, kabati lenye kufuli. Akikosa leseni, basi amejenga ghala la mihogo. Na wanakijiji wataendelea kuwabeba watoto wenye homa hadi mjini, kwenye duka la mke wa mganga mkuu wa wilaya, ambako vidonge vilifungwa kwenye karatasi za daftari, na makopo yake yalikuwa na alama ileile ya bohari ya serikali. Kila mtu alijua. Hyasinta akipita mbele ya duka lile alitema mate, na hakuangalia nani anamwona.

Akamwambia Kasmiri kwamba ataiandikia wizara impe sababu kwa maandishi. Kasmiri alikuwa bwana afya wa wilaya, mtoto wa mdogo wake, na hakupita Suguti bila kula kwake. Alimsifu mama yake mkubwa kwa ujasiri, akajitolea kuipeleka barua hiyo mwenyewe.

Hapo Hyasinta akafanya kosa ambalo mtumishi wa serikali tu ndiye angelifanya. Chini ya anwani ya Katibu Mkuu aliandika kwamba barua inapitia kwa mganga mkuu wa wilaya. Ndivyo alivyoandika maisha yake yote, za likizo, za uhamisho, hata za msiba; mdogo hamruki mkubwa wake. Barua ikaingia ofisi ya wilaya, haikutoka. Vuli ikaja ikapita, popo wakahamia kwenye dari mpya. Kila alipouliza, Kasmiri alisema bado inashughulikiwa.

Aliyemzindua ni Mwanaharusi, mpiga chapa wa Musoma mjini, alipoletewa nakala aiandike upya kama ukumbusho. Aliisoma hadi pale kwenye anwani, akavua miwani.

"Mama, wewe ulishastaafu. Raia hapitishagi barua kwa mtu. Unampelekea huyuhuyu anayekukalia?"

Hyasinta aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Wakaiandika nyingine, moja kwa moja kwa Katibu Mkuu. Ilitaja kumbukumbu namba ya barua ya kukataliwa na tarehe yake, ikauliza ni sharti gani hakulitimiza, nani alikagua jengo, na lini. Akaituma kwa rejista, akatunza stakabadhi.

Jibu likaja kupitia sanduku la posta la parokia. Safari hii sababu zilikuwepo. Kwa mujibu wa ripoti ya ukaguzi kutoka wilayani, jengo lina sakafu ya udongo, halina dari, wala kabati la kufunga. Mwombaji anaweza kuomba tena akishafanya marekebisho na jengo kukaguliwa upya. Mkaguzi ni bwana afya wa wilaya, Kasmiri.

Hyasinta alisoma akiwa amesimama juu ya saruji yake mwenyewe. Alicheka kidogo, akaikunja barua.

Jumapili Kasmiri akaja kama kawaida, akanawa, akaketi mbele ya ugali na sato. Hyasinta akamwekea barua kando ya sahani. Aliisoma yote na hakubisha. Alisema ripoti iliandikwa na mkubwa wake, mganga mkuu, yeye alitia sahihi tu, na kazi siku hizi haipatikani.

"Na ile barua yangu ya kwanza?"

"Nilimpa yeye. Mama mkubwa, nisamehe. Sikujuaga kama wizarani wanajibu."

Uoga wa kijana angeweza kuuvumilia. Yeye mwenyewe aliwaogopa wakubwa miaka yote. Lakini huyu alikuwa amekula samaki wake msimu mzima, juu ya sakafu hii aliyoiita udongo, akitegemea kwamba hakuna atakayemjibu mama yake mkubwa. Hyasinta akaiondoa sahani.

Akamwambia kesho arudi na fomu mpya ya ukaguzi, apige magoti, apime, aandike alichokiona. Fomu hiyo ataituma yeye mwenyewe, kwa rejista.

Kasmiri akanong'ona kwamba hawezi, mkubwa amemkataza kukanyaga tena hapa kikazi.

"Hayo nayo niandikie," Hyasinta akasema, akamsogezea kalamu.