Wanawake Walioacha Mwani

Barua pepe ya Dk. Muhidini, msimamizi wa tasnifu ya Ashatu, ilikuwa fupi.

"Ashatu, hitimisho la sura ya nne halisimami. Umehoji wakulima wa mwani 42 wa Mlingotini, wote wanaolima hadi leo. Walioacha wako wapi? Jedwali la pili halijumliki. Sehemu ya bamvua haina kazi, iondoe."

Ashatu aliandika jibu palepale, kisha akamsomea wifi yake Hajra, mwalimu wa sekondari pale Bagamoyo aliyemaliza shahada ya uzamili mwaka juzi.

"'Dokta, ungesoma ukurasa wa kumi na nane ungeona nimeshaeleza kazi ya bamvua...'"

"Usiitume, wifi," Hajra alisema. "Yeye kasema hitimisho halisimami. Wewe umesikia Ashatu hafai. Ukurasa huo umeeleza kwa maneno mangapi?"

Ashatu alifungua. Mstari mmoja, tena tanbihi.

"Kama yeye hakuuona, nani atauona? Haya, andika anachotaka kifanyike. Ukali wake uache hukohuko."

Yakabaki mambo matatu. Ashatu akajumlisha jedwali: arobaini na moja. Akarudia. Arobaini na moja. Mtu huyu alikaa akajumlisha safu zake moja baada ya nyingine! Tangu aanze shule hakuna aliyewahi kumsoma hivyo.

Asubuhi aliandika upya:

"Dk. Muhidini, shikamoo. Ahsante kwa kusoma kwa makini. Jedwali nilikosea: mhojiwa mmoja aliachwa, nimesahihisha. Kuhusu walioacha, ni kweli sikuwatafuta. Wiki hii nakwenda Mlingotini kuwahoji, na hitimisho nitaliandika upya baada ya hapo. Bamvua naomba ibaki, kwa kuwa kujaa na kupwa huko kukubwa kwa maji ndiko kunakoamua siku ambazo wanawake wanaweza kufika shambani. Sikulieleza hilo vizuri, nimeongeza aya ukurasa wa 31. Je, inatosha?"

Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri. "Marahaba. Aya inatosha, bamvua ibaki. Nenda."

Mlingotini, Ashatu alimuuliza Bi Mwanajuma, jirani wa nyumba aliyokuwa akifikia, kama anamjua mtu yeyote aliyeacha kilimo.

"Mtu?" Bi Mwanajuma alicheka. "Mimi mwenyewe. Na Somoe. Na nyumba zote zile mpaka kisimani. Maji yalikuwa ya moto kama ya kumkandia mzazi. Mwani ukawa mweupe, ukakatikia mikononi."

"Mbona hamkuniambia nilipokuja?"

"Uliulizia wanaolima, mwanangu."

Tangu alasiri ile hadi siku ya tatu walikuja mmoja mmoja, wakakaa mkekani, na kila mmoja alitaja mwaka wake na jinsi maji yalivyobadilika. Ashatu aliandika mpaka daftari likajaa. Alipomaliza alihesabu majina: hamsini na sita. Walioacha walikuwa wengi kuliko wale arobaini na wawili wanaolima, nao miezi minane alikuwa akipita milangoni mwao, akiwaamkia.