Ng'ombe Aliyekufa wa Mzee Ngassa

Mektilda ndiye aliyekuwa akifungua darasa kwa sala. Mwalimu Anatoli hakumchagua mtu mwingine, kwa sababu mama huyu wa makamo, mshonaji wa nguo pale sokoni Bariadi, alijua kuomba hata wenye usingizi wakaamka. Jioni wanafunzi, wote watu wazima, waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa mbao, wakajifunza Kiingereza walichokikosa utotoni.

Jioni ile somo lilikuwa who, which na that. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba who ni ya watu na which ni ya vitu, kisha akataka kila mmoja atoe sentensi yake. Mzee Ngassa akasimama. Alikuwa mfugaji wa pembeni ya mji, na alikuja darasani kwa sababu wajukuu zake kutoka Dar es Salaam walikuwa wakizungumza Kiingereza mbele yake, naye akibaki kama mgeni nyumbani kwake.

"The cow who died fed my children," alisema taratibu.

Mektilda alicheka kabla hajajua kwamba anacheka. "Baba Ngassa, huyo ng'ombe wako alikuwa na kadi ya mpiga kura?"

Darasa zima likaangua kicheko. Joyness, binti wa saluni, alipiga dawati kwa kiganja. Mzee Ngassa akakaa, akafunga daftari lake.

Kipindi kilichofuata, Jumatano, mzee hakuja.

"Mama Mektilda, tuombee," alisema Mwalimu Anatoli kama kawaida.

Mektilda akaomba. Akawaombea wagonjwa, akaombea mvua, na mdomo ukajiendea wenyewe mpaka akasema, "na hao ambao hawakufika, Bwana, uwaguse mioyo." Aliposema amina alihisi uso unawaka. Alikuwa amemkabidhi Mungu kazi aliyoiharibu yeye mwenyewe.

Mwalimu akamwita ubaoni. Mektilda akaandika sentensi yake kwa mwandiko mzuri: *The cloth which I bought it is red.*

Mwalimu akafuta neno *it*. "Kiswahili kinaruhusu useme kitambaa nilichokinunua. Pale kuna *cho* na bado kuna *ki*. Kwa Kiingereza, which imeshakibeba kile kitambaa. Ukiongeza *it*, umekibeba mara mbili."

Hakuna aliyecheka. Mektilda alisubiri kicheko, hakikuja, na hilo likamuuma kuliko kama kingekuja.

"Na kosa la Mzee Ngassa ni la namna hiyo hiyo," mwalimu aliendelea. "Kwetu ni mtu aliyekufa, ng'ombe aliyekufa. Wote ni *ye*. Mzee alifuata lugha yake vizuri kabisa. Kwa Kiingereza, ng'ombe tunampa which au that. Hiyo that inafaa kwa mtu pia, the man that came. Mimi ndiye niliyesahau kuwaambia habari ya wanyama."

Usiku Mektilda alipiga magoti, lakini maneno hayakutoka. Kila alipofumba macho aliliona daftari likifungwa.

Jumamosi asubuhi akaenda kwa Mzee Ngassa. Alimkuta mzee zizini, ameshika kamba ya ndama.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," mzee alimwita mama kwa lugha hiyo hiyo. "Karibu."

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilikucheka. Nilikukosea sana."

Mzee Ngassa akaifunga kamba kwenye nguzo bila haraka. "Ng'ombe yule alikufa kwa ukame. Maziwa yake ndiyo yaliyowakuza wanangu baada ya mama yao kufariki. Sikutunga sentensi, nilikuwa nasema kweli."

Mektilda hakuweza kumtazama.

"Msamaha nimeusikia," alisema mzee. "Lakini ulinicheka mbele ya watu. Hapa tuko mimi, wewe na ndama."

Jumatatu mzee alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia. Mwalimu alipomwita Mektilda aombe, yeye akatikisa kichwa.

"Leo siombi, mwalimu. Nina neno." Akawageukia wenzake. "Nilimcheka Baba Ngassa hapa, mbele yenu. Alikuwa anamsema ng'ombe aliyelea watoto wake, mimi nikamfanya mchezo. Nilijiona najua, na sijui. Jumatano nikasimama hapa hapa nikamwombea kana kwamba mwenye kosa ni yeye. Nisamehe, baba."

Joyness akainamisha kichwa, akachezea kalamu.

Mzee Ngassa akaingia. Akapita madawati matupu ya nyuma, akafika alipokaa Mektilda.

"Sogea, mayu."

Akasogea mpaka ukutani. Mzee akafungua kitabu katikati yao, akaanza kusoma zoezi kwa kidole, neno moja moja. Mektilda alifuata kwa macho tu, midomo ameibana asimsahihishe, akingoja aulizwe.