Mipango Mitatu ya Basi la Kaniama
Mwaka ule mfereji wa Suez ulipofungwa, bei ya esansi, mafuta ya gari, hapa Kamina ilipanda. Nikamwita dereva wangu Kalenga na mke wangu Ndaya, anayeuza tikiti, tujipange mapema kabla basi letu la kwenda Kaniama, kwao Ndaya, halijatufilisi.

"Ikipanda tena kidogo," nikasema, "tunaongeza nauli. Ikipanda nusu, basi haliondoki kila siku, linangoja lijae."

"Patron, kujaa iko inajaa," Kalenga akanikatiza. "Lakini nusu ya bantu ni bakwe bako. Bale habalipi."

Hasira zikanipanda. Nani atamdai mama mkwe nauli? Kwetu hata kumtazama usoni ni aibu. Yeye akiingia kwa mlango wa mbele, mimi mwenye basi ninashukia wa nyuma!

"Basi, mpango wa tatu!" nikapiga meza. "Esansi ikipanda mara mbili, tunang'oa viti vyote, tunabeba mahindi ya Kaniama. Gunia linalipiwa, na gunia si mkwe wa mtu!"

Kalenga akapiga makofi. Ndaya akanitazama kwa huruma.

"Mahindi ya nani, bwana yangu? Kule Kaniama, mwenye mahindi njo mama yangu."