Kitandani Pamelala

Kazi yangu ni kurudia maneno ya watu. Nakaa kwenye chumba kidogo chenye kuta zilizovalishwa sponji, navaa hedifoni, nasikiliza sentensi iliyorekodiwa, kisha naisema upya polepole ili Mtafiti aiandike bila kubahatisha. Kabla yangu kazi ilikuwa ya Shangazi, aliyenilea. Sauti nyingi ninazorudia ni zake. Kiharusi kilipomwachia maneno mawili matatu tu, nikaitwa mimi.

"Mmekula chungu kimoja," Mtafiti alisema. "Utamwelewa kuliko mashine yangu."

Mtafiti ni mama mmoja mcheshi, miwani yake haikai puani. Anachunguza sentensi zinazoanza na mahali.

"Sema, Mlangoni pamesimama askari. Haya, sasa wawe wengi."

"Mlangoni pamesimama askari wengi."

"Umeona? Wameongezeka, kitenzi hakijashtuka. Hakiwatazami wao, kinapatazama pale mlangoni. Mlangoni ndiyo bosi."

"Nikisema wamesimama je?"

"Basi kimegeuka kuwafuata askari. Hiyo sentensi nyingine, mdogo wangu, usinichanganyie mboga."

Siku nyingine aliniuliza, "Mzee amefanya nini?" Nikajaribu kumjibu, "Kitini pameketi mzee," nikacheka mwenyewe. Ni kama umeulizwa habari za mzee, wewe ukaleta habari za kiti. Lakini aliponiuliza, "Kitini pameketi nani?" nilijibu, "Pameketi mzee," wala sikuhitaji kutaja kiti tena. Mtafiti akapiga meza kwa furaha. Mahali unaweza kupaacha, akasema, maana ile pa ya kitenzi imepashikilia. Mtu ndiye huwezi kumwacha, maana yeye ndiye habari yenyewe.

Mimi darasa la saba ndiyo mwisho wangu, lakini hilo lilinikaa. Nilipokuwa nikifua nguo za mtoto nilijikuta nikizipanga sentensi: kambani pameanikwa nguo, dirishani pametua ndege.

Nyumbani tulikuwa wanne. Shangazi alilala sebuleni kwenye godoro, kaka yangu seremala kwenye kibaraza alichokizungushia mbao, mimi na mwanangu chumba cha kati, ambako paa lilivuja. Mtoto alikohoa tangu mvua zianze. Kulikuwa na chumba kimoja kikavu, cha nyuma, na ndani yake kitanda cha mbao ngumu. Shangazi alikifunga zamani, ufunguo ukakaa kifuani mwake. Hakuna aliyewahi kulala mle.

"Chumba kizima kimekaa bure," kaka alilalamika, "na mjomba wangu mdogo anakohoa kama mzee wa tumbaku! Kesho nang'oa bawaba."

"Subiri nimuulize Shangazi."

"Umuulize nini, na hawezi kukujibu? Mtoto akilazwa hospitali utamjibu nani wewe?"

Mganga wa zahanati alishaniambia kifua cha mtoto hakitavumilia unyevu zaidi.

Asubuhi yake Mtafiti akanifungulia rekodi ya mwisho ya Shangazi. Humo anaonyeshwa picha, anaulizwa mahali palivyo, anajibu. Alikuwa amefundishwa kutua kidogo kabla ya neno la mwisho, ili sauti zisigandane. Nikamsikia: "Mtini pamekwea... nyani. Shimoni pameingia... panya." Nikarudia moja moja.

Kisha Mtafiti, kwenye rekodi, akasema, "Na hapa? Hiki si kitanda chako? Nilikipiga picha siku ile uliponifungulia."

Shangazi akasema, "Kitandani pamelala..."

Akatua. Nikangoja neno. Halikuja. Nikasikia pumzi tu, ndefu, ikiingia na kutoka taratibu. Nilimjua Shangazi kwa pumzi, nililala mgongoni mwake tangu utotoni. Pumzi ile haikuwa yake.

Nikavua hedifoni. "Mama, alimalizia?"

"Hapana. Alinitazama tu. Nikafikiri kachoka." Mtafiti akainama kwangu. "Malizia wewe. Yaweza kuishia hapo?"

"Haiwezi. Ni kama kuinua mguu usiushushe. Lazima awepo mtu."

"Mmoja au wengi?"

Pamelala haihesabu watu. Anaweza kuwa mmoja, wanaweza kuwa ukoo mzima.

"Picha ilikuwa na nani?" nikauliza.

Akaitafuta, akanionyesha. Kitanda, shuka jeupe lililotandikwa vizuri, ukuta. Hakuna mtu.

"Kwa hiyo alikosea," Mtafiti akasema, akaandika alama ya nyota mbele ya sentensi, ndiyo alama yao ya sentensi mbovu. Lakini hakucheka, na alipoifunga ile picha aliifunga haraka.

Niliomba ruhusa nikaondoka mapema. Mvua ilikuwa imeanza. Shangazi alikuwa sebuleni, uso kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kama kawaida yake. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Shangazi. Nani amelala kitandani?"

Akafumba macho, kama mtu aliyeulizwa swali lisilomhusu. Nikakumbuka Mtafiti anavyouliza. Nikaanza na mahali.

"Kitandani, Shangazi. Pamelala nani? Pamelala marehemu mumeo?"

Akatikisa kichwa.

"Mtoto? Watoto?"

Akatikisa kichwa kwa hasira, mkono wake mzima ukanikamata kiganja. Midomo ikahangaika, mate yakamtoka. Kisha akasema, waziwazi kuliko neno lolote tangu augue:

"Pamelala."

"Pamelala nani?"

"Pamelala," akarudia, akafunga mdomo. Hakutua. Nilikuwa nimejifunza kusikia sauti inayoning'inia ikingoja neno, na ile haikuning'inia. Ilishuka mpaka chini, kama tunavyosema hapa pananuka, pale panatisha. Hakuna wa kuongezwa. Mimi na Mtafiti tulikuwa tukimtafuta mtu, na Shangazi alikuwa amekwisha kututajia aliyelala: ni pale penyewe.

Ndipo nilipoona mlango wa nyuma umeegemezwa tu ukutani, bawaba zimetolewa.

"Kaka! Mtoto yuko wapi?"

"Nimemlaza pakavu," akajibu toka uani, nyundo mkononi. "Ametulia, hajakohoa hata mara moja. Sema asante basi!"

Nikaingia. Chumba kilikuwa na joto kama jikoni, ingawa dirisha lilikuwa wazi na mvua inapiga nje. Mwanangu alikuwa katikati ya kitanda, kifua kikipanda na kushuka. Hakukohoa kweli. Nikasogea nikaweka kiganja kwenye shuka, mbali naye, pale pasipo na mtu.

Shuka lilipanda. Likakaa juu. Likashuka taratibu. Nikangoja kifua cha mtoto, nacho kikapanda baada yake, kwa mwendo uleule, pole mno kwa mtoto wa umri ule. Kilikuwa kinakifuata kitanda.

"Vipi huko?" kaka akaita. "Panaonekana pamelala bwana mkubwa, eh?"

"Usipige kelele," nilisema kwa sauti ndogo. "Utapaamsha."

Nilipitisha mikono chini ya mtoto kidogo kidogo, nikangoja shuka lishuke, nikamwinua. Kwa muda hakuvuta pumzi kabisa. Midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Nikampiga mgongoni, nikampiga tena, nikamwita, kisha akakohoa, kile kikohozi chake kibaya, akalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Nilitoka naye kinyumenyume. Kaka alikuwa mlangoni, utani umemwishia. Alikuwa akitazama lile shimo mtoto alipokuwa amelala. Shuka lilikuwa likijinyoosha lenyewe.

"Rudisha mlango," nikamwambia.

Aliurudisha bila kuuliza, akikaza skrubu za bawaba polepole kwa bisibisi, asigonge. Mimi nilimfunga mwanangu mgongoni kwa khanga, akikohoa, nikatoka naye mvuani kwenda kumwomba jirani kona ya kulala.