Picha ya Hatua Mbili

Elimu yangu ni darasa la saba tu, lakini nina neno kwa akina mama wenzangu wenye mabinti na simu. Msiwakataze kujipiga picha. Wakijipiga, kaeni nao mtazame. Na mkiona kitu, msikifiche kama nilivyokificha mimi.

Mwezi wa pili mwanangu Salwa alikuwa ameposwa na Aiman, kijana wa Singida. Mama yake Aiman, Bi Waridi, akanipigia simu. "Ile picha ya studio tumeiona, dada, wamempaka poda mpaka hatumjui. Atutumie aliyojipiga mwenyewe, sura yake ya kawaida, shangazi zake Aiman wamwone."

Tukaweka mkeka uani, hapa kwetu Miyuji, jua likiwa limeshalainika. Salwa akanyoosha simu karibu kabisa na uso, akapiga. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi.

"Pua hiyo umeazima wapi? Kwetu haipo, kwa baba yako haipo. Na masikio yamekwenda wapi?"

"Simu ikiwa karibu ndivyo inavyofanya, mama. Kinachoikaribia kinakuwa kikubwa."

Akaishusha chini ya kidevu: taya pana, matundu ya pua kama mabomba. "Huyo baba yako huyo!" Akaiinua juu ya kichwa: paji na macho makubwa, kidevu kimepotea. "Na huyo panzi." Akaipeleka pembeni, uso ukavutika kama maandazi yaliyoshikana. Tulifurahi, nasema kweli. Ndiyo mara ya mwisho ninayoikumbuka.

Maana katika picha zote, shavu la kushoto lilijaa kuliko la kulia.

"Unaumwa jino?" nikamuuliza.

"Haliumi. Lakini magego mawili ya huku yanacheza kidogo."

"Si umesema cha karibu kinakuwa kikubwa? Umelitanguliza shavu hilo. Tanguliza la pili."

Akatanguliza la kulia. La kulia likakua, kweli. Lakini la kushoto, lililokuwa nyuma na lililopaswa kupungua, likabaki sawa nalo. Salwa akaniangalia. Mimi nikaangalia kuku.

Wakati huo akaingia Ruthu, rafiki yake tangu shuleni, anayepiga picha za pasipoti kwenye duka la vifaa vya ofisi mjini. "Shikamoo, mama Salwa."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umsaidie mwenzio, simu yake inamtia uvimbe. Tena uvimbe wenyewe unahama! Akijitazama kabla ya kupiga uko upande huu, picha ikitoka uko upande ule. Uvimbe gani unaohama?"

Ruthu akaichukua simu. Hakucheka. "Kabla ya kupiga inakuonyesha kama kioo, mama. Ikishapiga inaonyesha kama watu tunavyomwona. Angalia kipini chake cha puani. Nacho kimehama?"

Kipini kilikuwa kimehama pamoja na shavu.

"Salwa, simama ukutani," Ruthu akasema. Akapanga ndoo tatu, moja juu ya nyingine, akaegemeza simu juu yake sawasawa na macho ya Salwa, hatua mbili kamili kutoka ukutani. Akachora kwa mkaa alama mbili sakafuni, ya miguu na ya ndoo. "Pale dukani ndivyo tunavyofanya. Ukiwa mbali, pua na masikio yanakaribiana umbali, simu haina cha kukuza. Tazama mbele, usiinamishe kichwa. Naitegesha ihesabu sekunde kumi, kisha tutakata ukuta uliozidi, ubaki uso."

Ikapiga. Akakata. Tukainama wote watatu.

Pua ilikuwa pua yake. Masikio yamerudi, paji la kiasi, macho yale yale ninayoyajua tangu nimemzaa. Katika zote ndiyo pekee ungesema, huyu ni Salwa. Na chini ya sikio la kushoto, pembeni mwa taya, kulikuwa na kitu cha mviringo kama kokwa ya embe imewekwa chini ya ngozi.

"Mama," Ruthu akasema polepole, "hii si simu."

"Ruthu, wewe ni daktari?"

"Hapana, mama."

"Basi kelele zako kapigie dukani kwako." Nilimwambia hivyo mtoto wa watu, ndani ya ua wangu. Nilikuwa nawaza shangazi wa Singida. Nilikuwa nawaza watasema, huyo binti ana nini?

Nikachagua mwenyewe. Ile ya juu, ya panzi, nikamwambia Salwa airudie akigeukia kushoto, shavu la kulia liwe mbele, lile jingine lijifiche nyuma ya pua. Ikatoka nzuri kama ya tangazo. "Tuma hii. Zile nyingine futa."

Salwa akaituma. Singida wakapiga vigelegele kwenye simu.

Miezi ikapita. Nikampa maji ya chumvi asukutue. Akaanza kutafunia upande mmoja, ushungi akaufunga unaofunika shavu, hata ndani ya nyumba. Hakupiga tena picha. Nikawa najiambia amekua, ameacha utoto. Mama anajua kujidanganya kuliko simu yoyote.

Mwezi wa nane, katikati ya chakula, aliweka tonge chini, akatoa gego mdomoni, zima, na mizizi yake. Hakulia. Wala halikumuuma, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Hospitalini, daktari alimbonyeza taya kwa kidole gumba, akamtuma eksirei, akaitazama muda mrefu. "Uvimbe huu umeanza lini?"

"Wiki tatu hivi," nikasema.

Salwa akafungua simu, akampa. Hakuwa amezifuta. Zote zilikuwa humo, na tarehe zake.

Daktari akazipitisha kwa kidole. "Hii ya karibu hainisaidii. Ya juu hainisaidii." Akafika kwenye ile niliyoituma Singida, akaipita bila kusimama. Kisha akasimama. "Hii. Hii ilipigwaje?"

"Hatua mbili, sawa na macho," Salwa akamjibu.

Akamsimamisha ukutani, akapima hatua mbili, akapiga nyingine vile vile, akaziweka pamoja. Hakukuwa na haja ya kunieleza. Kokwa imekuwa embe.

"Mfupa umeliwa kwa ndani," akasema. "Sitataja jina la ugonjwa kabla ya kukata kipande cha nyama na kukipima. Lakini mama, mwezi wa pili tungekuwa na mfupa mwingi zaidi wa kuokoa." Akatuandikia barua ya rufaa ya Dar es Salaam, na akataka picha ya kila Ijumaa, nyumbani pale pale, umbali ule ule, waone uvimbe unavyokwenda.

Jana ilikuwa Ijumaa ya tatu. Basi letu la Dar es Salaam ni Jumatatu. Salwa alipanga ndoo peke yake, akaenda ukutani, akasimama kwenye alama ya mkaa aliyoichora upya, akafungua ushungi. Nikajifanya naiweka simu vizuri, nikazisukuma ndoo mbele kidogo, kiganja kimoja tu, ili picha ikitoka niseme shavu limekua kwa sababu simu ilikuwa karibu.

"Zirudishe, mama," akasema.

Nikazirudisha kwenye alama. Simu ikaanza kuhesabu.